Mchoro wa riba uliopinduka, hofu ya mdororo na bei ya dhahabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mchoro wa riba uliopinduka ni kitu gani hasa?

Serikali ya Marekani hukopa kwa muda wa aina nyingi: miezi 3, miaka 2, miaka 10, hata miaka 30, na kila muda una riba yake sokoni. Ukizipanga riba hizo kuanzia muda mfupi hadi mrefu, kisha ukaziunganisha kwa mstari, umepata mchoro wa riba. Siku za kawaida mstari huo hupanda, kwa sababu ileile inayoifanya benki ikulipe zaidi ukifunga fedha zako kwenye akaunti ya muda maalumu ya miaka miwili kuliko ya miezi mitatu.

Mara chache mstari huinama: mkopo wa miaka 2 unalipa kuliko wa miaka 10. Hapo ndipo husemwa kuwa mchoro umepinduka. Hutokea pale Benki Kuu ya Marekani inapokuwa imepandisha riba ya muda mfupi ili kubana mfumuko wa bei, huku wanunuzi wa hatifungani za miaka 10 wakiamini kwamba riba hiyo haitakaa juu muda mrefu, kwani uchumi utachoka na benki kuu italazimika kuishusha. Tarehe 3 Julai 2023, kwa mfano, hatifungani ya miaka 2 ililipa karibu asilimia 4.94 na ya miaka 10 asilimia 3.86. Ukitoa ya miaka 2 kwenye ya miaka 10 unabaki na hasi 1.08. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 tofauti hiyo haikuwa imezama hivyo.

Kwa hiyo mchoro uliopinduka unabeba habari mbili kwa pamoja: leo riba ya muda mfupi iko juu, na kesho soko linatarajia ishuke. Habari ya kwanza ni mbaya kwa dhahabu, ya pili ni nzuri. Ubishi wote kuhusu dhahabu na mdororo wa uchumi unatokana na watu kuchukua moja na kuiacha nyingine.

Basi mchoro ukipinduka dhahabu hupanda au hushuka?

Yote mawili yameshatokea, na mara ni chache mno kiasi cha kutoruhusu kanuni ngumu. Tuchukue nne za karibuni, kwa kipimo cha miaka 10 kutoa miaka 2.

Mwaka 2000 mchoro ulikuwa umepinduka kuanzia Februari hadi Desemba. Dhahabu iliteleza kutoka karibu dola 290 hadi karibu dola 270 kwa wakia, na Aprili 2001, mdororo ukiwa umeshaanza, ilikuwa karibu dola 256. Mwaka 2006 hadi katikati ya 2007 mchoro ulipinduka na kurudi mara kadhaa, na dhahabu ikapanda. Mwaka 2019 ulipinduka siku chache tu za Agosti. Dhahabu ilikuwa imeshatoka karibu dola 1,300 mwishoni mwa Mei na kuvuka dola 1,500. Mwaka 2022 ulipinduka Julai, dhahabu ikaporomoka hadi karibu dola 1,630 kati ya Septemba na Novemba, kisha ikageuka na kuvuka dola 2,500 kabla mchoro haujanyooka mnamo Septemba 2024.

Mara moja imeshuka, mbili imepanda, moja imeshuka kwanza ndipo ikapanda. Anayekuambia kwamba mchoro uliopinduka ni ishara ya kununua dhahabu amechagua miaka inayompendeza. Swali lenye faida ni jingine: riba ya muda mfupi inaelekea wapi, na riba halisi inafanya nini?

Kwa nini riba inaigusa dhahabu kiasi hicho?

Kwa sababu dhahabu haizai. Chukua wakia moja yenye thamani ya dola 2,000. Fedha hiyohiyo ukiiweka kwenye dhamana za muda mfupi za Hazina ya Marekani zinazolipa asilimia 5.3, kama zilivyolipa nusu ya pili ya 2023, ungepata dola 106 kwa mwaka. Hizo dola 106 ndizo gharama ya kukaa na dhahabu, kabla hujalipia hata sanduku la kuihifadhi. Riba hiyo ikiwa sifuri, kama mwaka 2020 baada ya Machi, gharama hiyo haipo.

Hata hivyo riba ya juu peke yake haitoshi kuiumiza dhahabu; lazima iwe juu kuliko mfumuko wa bei unaotarajiwa. Tofauti hiyo ndiyo riba halisi. Marekani ina hatifungani maalumu ambazo mtaji wake hupanda pamoja na mfumuko wa bei, hivyo riba yake sokoni ni riba halisi moja kwa moja, huna haja ya kukisia. Agosti 2020 riba halisi ya miaka 10 ilikuwa karibu hasi 1, yaani aliyeikopesha serikali alikubali kupoteza asilimia moja ya uwezo wa kununua kila mwaka. Mwezi huohuo dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza.

Jambo la pili ni dola. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola, kwa hiyo dola ikipata nguvu dhidi ya sarafu nyingine, mnunuzi wa India au Uturuki huona bei imepanda hata kama ya London haikusogea, naye hununua kidogo. Riba ya juu ya Marekani huivuta dola juu, ndiyo maana nguvu hizi mbili mara nyingi huipiga dhahabu kwa pamoja.

Tupeni mfano mmoja kamili, tangu kupinduka hadi mdororo kwisha.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa 2006 hadi 2009, kwa sababu una hatua zote, na kila hatua dhahabu ilijibu kwa namna yake.

Kuanzia Juni 2004 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba mara 17 mfululizo, kutoka asilimia 1 hadi 5.25. Mchoro uligusa upande wa hasi mwishoni mwa Desemba 2005. Aliyenunua dhahabu mwanzoni mwa 2006, ikiwa na bei kati ya dola 515 na 530, alifurahi hadi Mei ilipofika karibu dola 725. Mwezi uliofuata ilikuwa chini ya dola 580. Hakukuwa na mdororo, hakukuwa na benki iliyoanguka. Bei ilikuwa imekimbia mno, basi ikarudi.

Riba ilifika 5.25 tarehe 29 Juni 2006 na ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho cha kusubiri dhahabu ilipanda kutoka chini kidogo ya dola 600 hadi karibu dola 715. Hili linawashangaza wanaoamini kwamba riba ya juu ni sumu. Tazama dola: euro moja ilitoka karibu dola 1.27 hadi 1.39. Sehemu kubwa ya kupanda kwa dhahabu ilikuwa ni dola kushuka, na aliyepima kwa euro aliona ongezeko la kawaida tu.

Tarehe 18 Septemba 2007 benki kuu ilipunguza riba kwa nusu asilimia, mara ya kwanza tangu 2003. Mchoro ulikuwa umeshanyooka kabla ya hapo. Kuanzia siku hiyo hadi katikati ya Machi 2008 riba ilishuka hadi asilimia 3, dhahabu ikapanda kutoka karibu dola 715 hadi zaidi ya dola 1,000, ongezeko la asilimia 40 kwa miezi sita. Hiki ndicho kipindi ambacho hofu ya mdororo iliisaidia dhahabu bila kificho. Angalia lakini kilikuja lini: karibu miaka miwili baada ya kupinduka, na baada ya mchoro kunyooka.

Kisha ikaja sehemu isiyopendwa kusimuliwa. Kuanzia Machi hadi Oktoba 2008, mdororo ukizidi kuwa mbaya, dhahabu ilishuka. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba. Siku mbili baadaye dhahabu ilirukia juu kwa zaidi ya dola 80 kwa siku moja, wengi wakasema sasa safari imeanza. Tarehe 24 Oktoba bei ya mchana ya London ilikuwa dola 712.50. Faida yote iliyopatikana tangu riba ianze kupunguzwa ilikuwa imefutika, katikati ya msukosuko mbaya kuliko yote tangu miaka ya 1930. Sababu zinaonekana ukijua pa kutazama: watu walikuwa wakitafuta dola za kulipia madeni, hivyo euro ikashuka kutoka karibu dola 1.57 hadi 1.25, na soko lilipoacha kutarajia mfumuko wa bei, riba halisi ya miaka 10 ilipanda kutoka karibu asilimia 1 hadi karibu 3.

Tarehe 25 Novemba 2008 benki kuu ilitangaza kwamba itanunua hatifungani za mikopo ya nyumba kwa fedha mpya, na tarehe 16 Desemba riba ikawa kati ya sifuri na robo asilimia. Riba halisi ikaanza kushuka. Dhahabu ilimaliza mwaka karibu dola 870, Februari 2009 ikagusa tena dola 1,000, na Septemba 2011 ilikuwa karibu dola 1,900.

Aliyenunua kwa dola 750 mnamo Oktoba 2007 akiogopa mdororo alikuwa sahihi kuhusu mdororo, sahihi kuhusu dhahabu, na mwaka mmoja baadaye alikuwa chini ya bei aliyonunulia. Kama alikuwa amenunua kwa fedha zake mwenyewe, alisubiri akapata. Kama alikuwa amekopa, pengine hakufika 2009.

Tofauti ikirudi juu ya sifuri, hiyo ndiyo ishara ya kununua?

Nusu ya ukweli. Mchoro unaweza kunyooka kwa njia mbili, na kwenye dhahabu zina matokeo yanayopingana. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anatazama namba moja, tofauti, bila kutazama ni mguu upi uliosogea.

Njia ya kwanza ni ya riba ndefu kupanda. Kati ya 3 Julai na 6 Oktoba 2023 tofauti ilipungua kutoka hasi 1.08 hadi hasi 0.30. Anayefuata mchoro angesema mambo yananyooka, dhahabu itapaa. Lakini riba ya miaka 2 ilisogea kidogo sana, kutoka 4.94 hadi 5.08. Iliyokimbia ni ya miaka 10, kutoka 3.86 hadi 4.78, na riba halisi ikapanda nayo. Dhahabu ilitoka karibu dola 1,920 hadi karibu dola 1,820. Ilipona baada ya hapo kwa sababu ya vita vilivyoanza Mashariki ya Kati tarehe 7 Oktoba, jambo ambalo halikuwemo kwenye mchoro wowote.

Njia ya pili ni ya riba fupi kushuka. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Septemba 2024 riba ya miaka 2 ilishuka kutoka karibu asilimia 5 hadi karibu 3.6, soko likijiandaa kwa upunguzaji uliokuja tarehe 18 Septemba. Tofauti ilirudi juu ya sifuri mwanzoni mwa mwezi huo. Dhahabu ilipanda kutoka karibu dola 2,300 hadi zaidi ya dola 2,550.

Mara zote mbili mchoro ulielekea kunyooka. Anayetaka ishara asitazame tofauti bila kutazama riba ya miaka 2 yenyewe. Ikishuka kwa kasi, hali inaipendelea dhahabu. Ikiwa imesimama na ya miaka 10 ndiyo inayopanda, ni afadhali kutulia.

Nizitazame wapi namba hizi, na nizisome vipi?

Tovuti ya data ya tawi la St. Louis la Benki Kuu ya Marekani, fred.stlouisfed.org, ni bure na haihitaji kujisajili. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika majina haya kama yalivyo:

```
T10Y2Y   tofauti ya miaka 10 na miaka 2
T10Y3M   tofauti ya miaka 10 na miezi 3
DGS2     riba ya miaka 2
DGS10    riba ya miaka 10
DFII10   riba halisi ya miaka 10
```

Anza na DFII10, ndiyo iliyo karibu zaidi na dhahabu. Chukua namba ya leo na ya miezi mitatu iliyopita. Ikiwa imeshuka kwa nusu asilimia au zaidi, upepo uko nyuma ya dhahabu. Ikiwa imepanda kiasi hicho, uko usoni mwake. Kisha fungua DGS2 uone kama inakubaliana. T10Y2Y iwe ya mwisho, ikuambie uko hatua gani ya safari.

Kuhusu ipi bora kati ya T10Y2Y na T10Y3M: ya miezi 3 inafuata riba ya benki kuu karibu sawasawa, hivyo mara nyingi huchelewa kugeuka, ya miaka 2 ina matarajio ya wafanyabiashara ndani yake, hivyo mara nyingi hugeuka mapema. Katika mzunguko uliopita ya miaka 2 ilipinduka Julai 2022 na kunyooka Septemba 2024. Ya miezi 3 ilipinduka Oktoba 2022 na kunyooka Desemba 2024. Kwa dhahabu tunaipendelea ya miaka 2, kwani dhahabu nayo haisubiri.

Kwa nini dhahabu hushuka wakati ambapo hofu ndiyo imefika kileleni?

Kwa sababu inauzika. Mfanyabiashara anayedaiwa leo hawezi kuuza jengo au hisa zisizo na mnunuzi, lakini dhahabu anaiuza kwa dakika chache na kupata dola. Katika siku hizo dhahabu huuzwa kwa kuwa ndiyo kitu pekee chenye faida kilichobaki mkononi.

Machi 2020 ilionyesha hili kwa siku kumi tu. Tarehe 9 ilikuwa karibu dola 1,680, na kufikia tarehe 19 ilikuwa karibu dola 1,470, ingawa benki kuu ilikuwa imeshashusha riba hadi karibu sifuri tarehe 15. Mkataba mmoja wa kawaida wa dhahabu kwenye soko la COMEX la New York ni wa wakia 100. Kushuka kwa dola 210 ni hasara ya dola 21,000 kwa kila mkataba. Tuseme mtu aliweka dhamana ya dola 8,000 kuushika mkataba huo: bei iliposhuka kwa dola 80 dhamana yote ilikuwa imeliwa, na dalali akamfungia mkataba kabla bei haijafika hata nusu ya njia ya kushuka. Agosti mwaka huohuo dhahabu ilikuwa zaidi ya dola 2,060. Yeye hakuwepo.

Utaitambuaje hali hii ikija? Dhahabu na hisa zinashuka siku moja, dola inapanda dhidi ya karibu kila sarafu, na DFII10 inaruka juu ndani ya siku chache. Vikikutana vitatu, kinachoendelea ni msako wa dola, na kwa kawaida hukoma pale benki kuu inapofungua mfereji wa fedha. Mwaka 2008 ulichukua miezi, mwaka 2020 haukufika wiki mbili.

Mbona 2022 hadi 2024 riba halisi ilipanda na dhahabu haikuanguka?

Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha riba halisi nacho kisishikwe kama msahafu. Mwanzoni mwa 2022 DFII10 ilikuwa karibu hasi 1; Oktoba 2023 ilikuwa karibu asilimia 2.5. Kwa uhusiano wa miaka kumi iliyotangulia dhahabu ilipaswa kuwa chini sana. Ilishuka, ndiyo, hadi karibu dola 1,630, lakini ikasimama na kugeuka.

Tofauti kubwa ni nani alikuwa akinunua. Februari 2022 nchi za Magharibi zilizuia akiba ya fedha za kigeni ya Urusi, karibu dola bilioni 300. Benki kuu nyingine ziliona kwamba hatifungani za kigeni zinaweza kufungiwa, dhahabu iliyo ndani ya ghala lako haiwezi. Kwa mujibu wa Baraza la Dhahabu Duniani, benki kuu zilinunua zaidi ya tani 1,000 mwaka 2022, tena 2023, tena 2024. Mnunuzi wa aina hiyo hasumbuliwi na zile dola 106 za riba.

Linganisha na 2001. Benki kuu ya Marekani ilishusha riba kutoka asilimia 6.5 hadi 1.75 ndani ya mwaka mmoja, kukawa na mdororo kuanzia Machi hadi Novemba, na dhahabu ikaumaliza mwaka chini ya dola 280, karibu palepale ilipouanza. Wakati ule benki kuu za Ulaya zilikuwa wauzaji. Uingereza iliuza karibu tani 395 kwa minada kati ya 1999 na 2002. Mdororo ule na upunguzaji ule wa riba, ukiwakuta benki kuu zinauza, haukufua dafu. Kabla ya kunukuu mchoro wa riba, uliza kwanza wakubwa wako upande gani wa kaunta.

Nisubiri mdororo utangazwe rasmi ndipo ninunue?

Utachelewa. Anayetangaza ni kamati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Uchumi ya Marekani, nayo husubiri takwimu zikamilike. Mdororo ulioanza Desemba 2007 ulitangazwa tarehe 1 Desemba 2008. Dhahabu ilikuwa imeshapanda hadi 1,000, ikashuka hadi 712, na imeanza kupanda tena.

Kuna na upande wa pili: huenda usitangazwe kabisa. Kupinduka kwa 2022 kulikuwa kurefu na kuzito kuliko vyote vya miaka arobaini, lakini mchoro ulinyooka mwaka 2024 bila mdororo wowote kutangazwa. Aliyeuza kila kitu Julai 2022 akingoja anguko alikosa faida ya hisa.

Hisa za kampuni za migodi je, si njia ya mkato?

Wakati wa mdororo si mbadala wa dhahabu. Ni hisa kwanza, dhahabu baadaye. Kati ya Machi na Oktoba 2008 dhahabu ilipoteza kama asilimia 30, hisa za migodi zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani. Mgodi una mishahara, dizeli na madeni, na bei ya dhahabu ikipungua kidogo faida yake hupungua maradufu.

Mimi niko Nairobi au Dar es Salaam. Mchoro wa Marekani unanihusu vipi?

Unakuhusu kupitia milango miwili: bei ya wakia kwa dola, na bei ya dola kwa shilingi. Mlango wa pili mara nyingi ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Tazama Kenya mwaka 2024. Mwishoni mwa Januari wakia ilikuwa karibu dola 2,040 na dola moja karibu shilingi 160. Wakia hiyo ni shilingi 326,400. Mwishoni mwa Desemba wakia ilikuwa karibu dola 2,610, lakini dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129.3, hivyo wakia ni karibu shilingi 337,500. Kwa dola dhahabu ilipanda asilimia 28. Kwa mwenye shilingi ilipanda asilimia 3 na ushee, mwaka ambao hatifungani za serikali ya Kenya zililipa zaidi ya mara nne ya hiyo. Alikuwa amekisia sawasawa kuhusu riba za Marekani, shilingi ikamla faida.

Kisha kuna sonara. Wakia moja ni gramu 31.1035, hivyo kwa bei hiyo ya Desemba gramu ya dhahabu safi ilikuwa karibu shilingi 10,850. Ya karati 22 ni sehemu 22 kwa 24 ya hiyo, karibu shilingi 9,946. Bangili ya gramu 10 ina dhahabu ya shilingi 99,460. Tuseme ufundi na faida ya duka ni asilimia 15: utalipa karibu shilingi 114,400. Ukiirudisha kesho yake na sonara akakulipa asilimia 97 ya dhahabu iliyomo, unapokea karibu 96,500. Ili urudishe fedha zako tu, bei ya dhahabu kwa shilingi lazima ipande zaidi ya asilimia 18.

Vipande na sarafu za uzito mkubwa vina nyongeza ndogo kuliko bangili, na kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo nyongeza kwa gramu inavyokua. Kabla ya kulipa, uliza bei mbili kwa wakati mmoja: unaniuzia gramu kwa ngapi, na kipande hikihiki nikikurudishia leo jioni unakichukua kwa ngapi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ukipata 1.18, unahitaji mwaka mzuri kama wa 2024 wa dola, na shilingi isiyosogea, kabla hujaona hata senti.